"IP unayo tayari": jinsi ya kuiandikia kampuni ya intaneti ikuelewe

*Habari fundi. Nina duka dogo lenye kamera nne na rekoda moja. Nataka kuziona nikiwa safarini, na kampuni inayonilindia duka usiku nayo inataka kuziona ikiwa ofisini kwao. Wao ndio walionishauri niombe IP ya kudumu. Nikaiandikia kampuni ya intaneti hivi: "Naomba mnipe IP ya kudumu kwa ajili ya kamera za dukani kwangu." Wakajibu: "Mteja, laini yako ina IP tayari na inafanya kazi vizuri." Nimeandika mara ya pili, jibu ni lile lile. Nimekosea wapi, na niandikeje?*

Salama ndugu yangu. Aliyekujibu hakukudanganya, ila alijibu maneno uliyoyaandika, siyo haja uliyokuwa nayo. Kila laini inayofanya kazi ina anwani ya IP, maana bila hiyo usingeweza hata kumtumia yeye hiyo barua. Barua yako imeacha neno moja lililobeba mzigo wote: *ya umma*. Watu huyachanganya maneno "ya umma" na "ya kudumu" kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo barua nyingi za aina hii hupotelea.

Anwani ya umma ni ile ambayo mtu yeyote aliye kwenye intaneti anaweza kuifikia akitokea nje. Anwani ya kudumu ni ile isiyobadilika, leo na mwezi ujao. Unaweza kuwa na ya umma inayobadilika kila ruta inapozimwa na kuwashwa. Unaweza pia kuwa na ya kudumu ambayo si ya umma, na hiyo haitakusaidia kitu kwenye kamera, kwa sababu ni kama chumba chenye namba nzuri mlangoni ndani ya jengo ambalo mlinzi wa getini haruhusu mgeni kuingia. Nimewahi kumkuta mteja aliyelipia "IP ya kudumu" kwa miezi mitatu, fundi wake akihangaika na rekoda usiku na mchana, kumbe kilichouzwa kilikuwa hicho cha ndani.

Sababu ya kampuni kutokukupa ya umma tangu mwanzo ni uhaba. Anwani za IP za mfumo wa zamani, yaani IPv4, ni takribani bilioni 4.3 tu, na ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Kwa hiyo kampuni nyingi huwaweka wateja mamia nyuma ya anwani moja ya umma. Utaratibu huo huitwa CGNAT. Ukiwa nyuma yake unaweza kufungua tovuti, kutazama video na kupiga simu za intaneti bila kuona tofauti yoyote, kwa kuwa wewe ndiye unayeanza mazungumzo na mtambo wa kampuni unakumbuka jibu limrudie nani. Lakini mtu wa nje akitaka kuanza yeye, mtambo haujui anamaanisha duka lipi kati ya yale mamia, basi ombi lake linatupwa.

Kabla hujaandika barua nyingine, tumia dakika tano kujua uko wapi. Ukiwa dukani, ingia kwenye ukurasa wa ruta yako na utafute sehemu iliyoandikwa `WAN` au `Internet`, usome anwani iliyopo hapo. Kisha, ukiwa kwenye intaneti hiyo hiyo, fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani unayoonekana nayo nje. Linganisha hizo mbili.

Zikifanana, anwani ya umma unayo tayari, na kilichobaki ni kuomba isibadilike. Zikitofautiana, tazama ile ya kwenye ruta inaanzaje. Ikianza na `100.` na namba ya pili ikawa kati ya 64 na 127, uko nyuma ya CGNAT bila ubishi, kwa sababu fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo tu. Ikianza na `192.168.`, usikimbilie kuilaumu kampuni. Mara nyingi maana yake ni kwamba modemu ya faiba waliyokufungia nayo inafanya kazi ya ruta, kisha wewe umechomeka ruta yako nyuma yake, hivyo umejijengea mageti mawili. Ingia kwenye modemu hiyo usome `WAN` yake ndiyo ulinganishe. Ikianza na `10.`, inaweza kuwa mojawapo ya hayo mawili: kampuni nyingine hutumia fungu hilo kwa wateja wao badala ya lile la 100. Hapo napo modemu ndiyo itakayokupa jibu.

Tuseme umeangalia, ruta inaonyesha `100.81.14.7` na tovuti inaonyesha `203.0.113.90`. (Hii ya pili ni anwani ya mifano tu, usijaribu kuifungua.) Sasa una ushahidi, na ushahidi huo ndio unaoivusha barua kutoka kwa mhudumu wa wateja hadi kwa fundi wa mtandao. Mhudumu anaposoma "kamera" anafikiria kamera zimeharibika. Anaposoma namba mbili zinazotofautiana na neno CGNAT, anajua si lake tena, anapandisha. Kwa hiyo mimi ningeandika hivi:

> YAH: OMBI LA ANWANI MOJA YA IPv4, YA UMMA NA YA KUDUMU
>
> Mimi ni mteja wenu, akaunti namba ………, laini ya faiba iliyoko kwenye duka langu, ……… .
>
> Kwa sasa laini yangu iko nyuma ya CGNAT: ruta inapokea 100.81.14.7, wakati nje naonekana kwa 203.0.113.90. Nahitaji kupokea miunganisho inayotoka nje kuja dukani, jambo lisilowezekana kwa hali hii.
>
> Naomba laini hii itolewe kwenye CGNAT na ipewe anwani moja ya IPv4 ya umma, isiyobadilika. Naomba pia mnijulishe:
>
> 1. Gharama ya kuanzia na ya kila mwezi, na kama nalazimika kubadili kifurushi.
> 2. Anwani hiyo itakujaje: ruta itaipokea yenyewe, au niiandike kwa mkono? Kama ni kwa mkono, naomba anwani, maski, geti na seva za DNS.
> 3. Kama kuna poti zozote mnazozizuia kwa miunganisho inayoingia, na kama UDP 51820 iko wazi.
> 4. Kama modemu yenu inaweza kuwekwa kwenye hali ya daraja, ili anwani ifike kwenye ruta yangu moja kwa moja.
> 5. Kasi ya kupandisha data kwenye kifurushi changu.
> 6. Siku na saa ya kufanya mabadiliko, ili niwepo dukani.
>
> Ikiwa ya kudumu haiwezekani, naomba angalau ya umma inayobadilika.

Utaona neno "kamera" halimo kabisa. Sijaliacha kwa ujanja. Ni kwamba halimsaidii fundi wa kampuni kwa lolote, na linampa mhudumu njia ya kukuambia "wasiliana na aliyekufungia kamera". Wakikuuliza ni za nini, waambie.

Swali la 3 watu hulidharau, kisha linawatesa. Kuna kampuni ambazo hata zikikupa anwani ya umma huziba baadhi ya poti, yaani milango yenye namba ambayo data hupitia, kwenye vifurushi vya kawaida, hasa 80, 443 na 25. Ukijua mapema hupotezi siku nzima ukiichokonoa rekoda isiyo na kosa.

Swali la 5 ni la muhimu zaidi kuliko linavyoonekana. Tangazo la kifurushi husifu kasi ya kushusha, lakini kamera zako zitapandisha. Kamera moja yenye picha kali hula takribani megabiti 4 kwa sekunde, kwa hiyo nne zikitazamwa pamoja ni 16. Kama kifurushi kinapandisha 5 tu, anwani yoyote ile haitaokoa picha isigande. Karibu kila rekoda hutoa picha ya pili nyepesi, kwenye menyu huitwa `Sub Stream`, ambayo unaweza kuipanga kwenye nusu megabiti. Nne za hivyo ni 2, zinatosha kumwona mtu ameingia. Picha kali hubaki kwenye diski ya rekoda, uichukue pale unapohitaji sura ya mtu.

Na lile ombi la mwisho kwenye barua, la "angalau ya umma inayobadilika", usilifute. Anwani ya umma inayobadilika ni rahisi kuitibu: ruta nyingi zina huduma ya `DDNS`, inayofungamanisha jina moja na anwani yako na kulisasisha kila inapobadilika. Wewe unaita jina, hushughuliki na namba. Baadhi ya kampuni hukutoa kwenye CGNAT kwa ombi tu lakini huitoza ya kudumu kila mwezi. Kwa duka dogo, ya umma pamoja na `DDNS` inatosha. Kumbuka tu kwamba `DDNS` haifanyi kazi ukiwa bado nyuma ya CGNAT, hata ukilisasisha jina mara mia, maana litaelekeza kwenye geti la kampuni, siyo lako. Na kama duka linatumia ruta ya laini ya simu badala ya faiba, uliza kama wanauza anwani ya umma kwa laini hizo. Wakiwa nayo, kwa kawaida huja na `APN` tofauti utakayoiandika kwenye ruta, na bila kuibadilisha hiyo utabaki ulipokuwa.

Sasa tuseme wamekubali, wakakuandikia: anwani `203.0.113.26`, maski `255.255.255.252`, geti `203.0.113.25`. Kabla ya kuandika chochote, piga picha ukurasa wa `WAN` wa sasa kwa simu yako. Tarakimu moja ikikosewa duka zima linakosa intaneti, na hapo utahitaji pa kurudi. Ukishaandika, rudia lile jaribio la kulinganisha. Ruta na tovuti sasa zinapaswa kusema `203.0.113.26` zote mbili. Zisipofanana, kazi ya kampuni haijaisha, usiguse rekoda.

Zikifanana, kuna hatua ambayo mafundi wengi wa kamera wangekwambia uifanye, nami nakusihi usiifanye: kufungua poti za rekoda moja kwa moja kwenye intaneti. Ni rahisi, huchukua dakika mbili, na picha zinaonekana. Lakini anwani ya umma ina maana ya umma kweli. Kuna programu zinazozunguka intaneti nzima saa zote zikigonga kila anwani. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera, rekoda na ruta kwa wingi kwa kujaribu orodha fupi tu ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP, iitwayo Dyn, hadi tovuti kubwa zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Wenye kamera wengi hawakujua lolote, kamera zao ziliendelea kuonyesha picha. Kubadilisha nenosiri ni lazima, lakini hakutoshi, kwa sababu rekoda nyingi zimewahi kukutwa na kasoro zinazomruhusu mtu kuingia bila nenosiri lolote. Mimi mwenyewe, nikiwa mgeni kwenye kazi hii, nilimfungulia mteja poti 8000 jioni, na asubuhi kitabu cha kumbukumbu cha rekoda kilikuwa kimejaa majaribio ya kuingia kutoka anwani nisizozijua.

Njia salama ni kufungua poti moja tu kwenye ruta, ya VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti na kufunguliwa kwa ufunguo. Simu yako inaingia kwanza kwenye mtandao wa duka kupitia VPN hiyo, kisha inaiona rekoda kana kwamba umesimama kaunta. Nimetaja UDP 51820 kwenye barua kwa sababu ndiyo poti inayozoeleka ya WireGuard, aina mojawapo ya VPN, na baadhi ya ruta za sasa huja nayo ndani. Mtu asiye na ufunguo akigonga poti hiyo hapati hata jibu, ni kama hakuna kitu. Wewe unapata ufunguo wako na walinzi wanapata wao. Siku ukiachana nao unafuta ufunguo wao, hubadilishi kingine chochote. Kwa upande wa walinzi, fundi aweke kwenye ruta kanuni ya kuwaruhusu kufika kwenye rekoda peke yake, siyo kwenye kompyuta ya mauzo. Na kwenye rekoda yenyewe wafungulie akaunti ya kutazama tu.

Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza: ruta nyingi duniani hutoa anwani za ndani za `192.168.1.x`. Kama duka ni hivyo na nyumbani ni hivyo, ukiwa nyumbani simu itaitafuta rekoda humo humo nyumbani na haitaikuta. Hamisha mtandao wa duka mapema kwenye namba isiyo ya kawaida, tuseme `192.168.37.x`, na uifunge rekoda kwenye `192.168.37.50` ili nayo isihamehame. Watu hulipia anwani ya nje isiyobadilika wakasahau kwamba ya ndani ya rekoda hubadilika pia umeme ukikatika.

Wa pili ni wa kupima. Usipime ukiwa kwenye waifai ya duka. Ruta nyingine haziwezi kumrudisha mtu wa ndani anayejaribu kuingia kwa anwani ya nje, kwa hiyo utaona imeshindwa wakati iko sawa. Zima waifai, tumia data za simu, washa VPN. Kwenye programu ya WireGuard tazama mstari wa `Latest handshake`. Ukionekana na muda wa sekunde chache, njia iko wazi kuanzia simu hadi duka, na kama picha bado hazionekani kosa liko kwenye rekoda au kwenye anwani yake ya ndani. Usipoonekana kabisa, ama ufunguo umekosewa, ama ombi halifiki. Ili kuzitenganisha hizo mbili, hesabu za ruta zitakusaidia: jaribu mara kadhaa ukitazama kama kanuni ya poti 51820 inaongeza idadi ya vifurushi vya data vilivyopokelewa. Ikibaki sifuri, kampuni inaziba mahali, na hapo unaandika barua ya pili ukitaja tarehe, saa na poti uliyopimia.

Nikushauri pia kabla hujalipa. Kwa haja yako ya kwanza, kutazama ukiwa safarini, huhitaji anwani ya umma hata kidogo. Rekoda nyingi zina huduma ya `P2P`: rekoda yenyewe inapiga kwenda kwa seva ya mtengenezaji, simu yako nayo inapiga huko, wanakutana. Kwa kuwa zote mbili zinaanza kwa kutoka, CGNAT haizizuii. Bei yake ni imani, maana unampa mtengenezaji ufunguo wa geti, na siku seva yake ikizimika huoni kitu. Mimi dukani kwangu nisingeitumia, lakini kuna wenye maduka wengi wanaoishi nayo miaka bila tatizo.

Haja ya walinzi ndiyo inayotaka njia imara. Lakini hata hapo, anwani ya umma inahitajika upande mmoja tu wa mazungumzo, na si lazima uwe wako. Waulize walinzi kama ofisi yao ina anwani ya umma ya kudumu. Kampuni inayotazama kamera za wateja wengi ina sababu nzuri ya kuwa nayo. Kama ipo, ruta ya duka lako ndiyo itakayopiga kwenda kwao kwa VPN, na CGNAT itaipisha kama inavyoipisha tovuti yoyote. Kitu kimoja tu kisisahaulike kwenye mipangilio ya ruta yako:

```
PersistentKeepalive = 25
```

Mstari huo unaifanya ruta itume ujumbe mdogo kila baada ya sekunde 25, ili mtambo wa kampuni ya intaneti usiisahau njia ya kurudi. Ukikosekana, utaona jambo la kushangaza: kamera zinaonekana vizuri wakati wa kufunga mtambo, fundi anaondoka, dakika chache baadaye walinzi wanapiga simu kwamba picha zimekatika. Mara nyingi ni hilo. Hii pia ndiyo njia ya kufuata kampuni yako ikikataa kabisa kutoa anwani ya umma, hata kama walinzi hawana: unakodi seva ndogo yenye anwani ya umma, na duka, simu yako na walinzi wote mnapiga kwenda huko.

Ukiishia kulipia ya kudumu, usiiandike namba yenyewe kwenye simu yako na kwenye kompyuta za walinzi. Tumia jina la `DDNS` hata kama namba haibadiliki. Anwani hiyo ni ya kampuni ya intaneti, siyo yako, na unaweza kuipoteza ukihama jengo, ukibadili kifurushi au ukichelewa kulipa. Ukiwa umetumia jina, siku hiyo unabadilisha mahali pamoja tu.